Je, Wajua? Tone la Mvua Lina Sauti Ngapi Ndani ya Wimbo

Je, wajua kwamba katika Kiswahili mtu haanguki hivihivi tu? Akianguka mchangani, ameanguka tifu. Akianguka majini, chubwi. Matopeni, tapwi. Kwenye ardhi ngumu, kwa uzito wake wote, pu. Kitenzi ni kilekile, wala hakuna aliyetaja mahali, lakini msikilizaji ameshajua aliyeanguka ameangukia nini. Mtunzi akiimba kwamba mpenzi wake aliteleza akaanguka tapwi, hahitaji tena mstari wa kusema kwamba mvua ilinyesha, kwamba njia ni ya udongo, kwamba nguo ya sikukuu imeharibika. Silabi mbili zimemaliza kazi hiyo yote.

Hilo ndilo ninalotaka tulifuate leo: tanakali ya sauti inayookoa mstari mzima. Tutaikagua kwa kitu kimoja ambacho kila mmoja wetu amekisikia usiku, nacho ni mvua juu ya paa.

Je, wajua kwamba maneno haya yana majina zaidi ya moja? Darasani nchini Kenya mwanafunzi huyajua kama tanakali za sauti, na vitabu vya sarufi huyaita pia viigizi au vielezi viigizi. Mwaka 1935 mwanaisimu Clement Doke, aliyefanya kazi zake Afrika Kusini, aliyatenga kuwa aina ya neno inayojitegemea katika lugha za Kibantu. Jambo zuri katika maelezo yake ni kwamba alisema maneno haya huchora wazo kwa sauti. Wazo, alisema. Hakusema kwamba lazima wazo lenyewe liwe na mlio.

Ndiyo maana tuna tanakali za vitu visivyolia kabisa. Giza halina sauti, lakini ni totoro. Weupe hauna sauti, lakini ni pe. Weusi ni tititi, usingizi ni fofofo, na kimya chenyewe, ambacho ni kukosekana kwa sauti, kina sauti yake: jii. Wimbo ukiwa na mvua na kelele za kila aina, tanakali ya kimya huwa na nguvu kuliko zote, na baadaye kidogo tutaitumia.

Tahadhari moja kuhusu kundi hili. Maneno haya yamefunga ndoa. Pe ni ya weupe tu, na totoro ni ya giza tu. Ukiimba "nyekundu pe" kwa sababu unatafuta kina, msikilizaji atakwazika kabla hajajua amekwazwa na nini. Lakini ndoa hiyohiyo ina faida yake: kwa kuwa fofofo imezoeleka na usingizi, unaweza kukiacha kitenzi. Imba "mtoto fofofo, mama macho", na hakuna atakayeuliza mtoto anafanya nini. Umeokoa neno zima, na umbo la mstari limekuwa jepesi.

Je, wajua kwamba paa la makuti linaweza kumuumbua mtunzi? Tone likigonga bati hulia kwa ukali, kwa kuwa bati ni jembamba, limekazwa kwa misumari, na hutetemeka lote kama ngozi ya ngoma. Tone lilelile likigonga makuti hupotelea kati ya majani. Kinachobaki ni mnong'ono mzito, na mara nyingi mtu aliyelala ndani hujua mvua imeanza kwa harufu ya udongo kabla ya kuisikia. Sasa mtu anaandika wimbo wa bibi kijijini pwani, nyumba ya makuti, kisha kiitikio kinasema ta-ta-ta. Aliyelelewa chini ya makuti atajua mara moja kwamba mwimbaji yuko mjini. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, na aliyelisahihisha alikuwa mzee mmoja aliyeniuliza kwa upole nyumba ile iliezekwa lini kwa mabati.

Kwa hiyo swali la kwanza si "mvua hulia vipi?" Mvua peke yake hailii. Hulia kile inachokigonga. Uliza inagonga bati, jani la mgomba, turubai la mama muuza mboga, kioo cha basi, au maji yaliyokwisha kutuama. Jibu lake ndilo litakalokupa sauti.

Je, wajua kwamba mstari wa wimbo unaweza kutaja mvua bila neno mvua? Hebu tufanye kazi yenyewe. Tuseme tunataka ubeti wa mtu aliyelala peke yake usiku, anamngoja mwenzake aliyechelewa. Jaribio la kwanza linalomjia mtu kichwani ni kama hili, kwa mizani 8 kila mstari:

Usiku kwanyesha sana
juu ya paa la nyumba
nami nimejilalia
kitandani peke yangu

Mizani imetimia na habari imefika. Lakini hakuna usiku humo ndani. Ni taarifa ya hali ya hewa ikifuatwa na taarifa ya mtu. Kila mstari unatuambia, na hakuna hata mmoja unaotulaza kitandani tuisikie mvua. Sasa tuuvunje na kuuliza maswali: paa ni la nini? Bati. Mvua ilianzaje? Kwa tone moja moja, kisha yakaongezeka, kisha yakaungana yasihesabike tena. Ndani ya chumba kuna nini? Bati linavuja, kwa hiyo kuna ndoo. Na kitandani? Hakuna mtu.

Bati lasema ta, ta, ta
ta-ta, tatata, shaaa
ndoo yajibu to, to, to
kando yangu kimya jii

Hesabu: kila mstari bado una mizani 8, mradi shaaa iimbwe kwa mapigo matatu. Mvua haikutajwa. Usiku haukutajwa. Upweke haukutajwa. Tazama mstari wa pili ulivyofanya kazi kwa nafasi zilizo kati ya sauti. Katika mstari wa kwanza kuna mkato baada ya kila ta, kwa hiyo mwimbaji anaziachanisha. Katika wa pili zinasogeleana, zinashikana, kisha irabu inatandazwa na sauti ya kugonga inageuka sauti ya kumwagika. Hivyo ndivyo mvua inavyokuja kweli. Mtunzi angeandika ta-ta-ta-ta-ta-ta kwa mwendo mmoja, angetupa mlio wa mvua bila safari yake.

Kisha bati na ndoo vinazungumza: kimoja kinasema, kingine kinajibu. Msikilizaji anazoea kwamba kila anayeita huitikiwa, halafu anafika mstari wa mwisho na kando ya msimulizi hakuna anayejibu. Jii imewekwa palepale ambapo ingetoka sauti ya mtu. Kama ningeitanguliza jii mstari wa kwanza, ingekuwa kimya cha kawaida cha usiku. Hapa mwisho ni pengo la mtu fulani.

Atakayeuliza kuhusu vina ana haki. Ubeti huu haufuati vina vya utenzi, ambapo vipande vitatu vya mwanzo hulingana. Kwa wimbo wa gitaa naukubali hivyo. Anayetaka utenzi kamili ashauriwe mapema kwamba tanakali ni mbaya sana mwisho wa kipande, kwa kuwa neno kama jii lina wenzake wachache. Aisukume katikati ya kipande na kina akikabidhi kwa kitenzi.

Je, wajua kwa nini mstari unaomalizikia pu huhisiwa kama mlango uliofungwa? Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: kiTAnda, tumeLAla, mPEnzi. Mstari wa kawaida basi humalizikia silabi dhaifu, kama mguu unaoteremka ngazi taratibu. Tanakali ya silabi moja haina pa kuuweka mkazo ila juu yake yenyewe. Mstari unagota. Tumia hilo pale tu unapotaka kugota. Katika wimbo wa kubembeleza mtoto, pu ya mwisho wa mstari itamwamsha.

Kuna jingine katika silabi. Neno la Kiswahili humalizikia irabu, na irabu ndiyo inayoimbika. Ndiyo sababu mlio wa saa tunaousoma katika vitabu vya wageni kama tik-tok unakaa vibaya kooni mwetu, na mwimbaji hujikuta ameongeza irabu bila kukusudia: tiki-toko. Mwachie aongeze, kisha uhesabu mizani upya, kwa sababu mbili zimekuwa nne. Hata hivyo tanakali zina ruhusa ambayo maneno mengine hayana. Nguo huchanika charr, mtu huteleza parr, kitu kilichooza hunuka mff. Hizi hazina irabu mwishoni, na hakuna mwalimu anayezisahihisha. Katika wimbo zinafaa kusemwa badala ya kuimbwa, ala zikinyamaza nusu pigo ili zipite.

Je, wajua kwamba ndoo hubadilisha lugha usiku unavyoendelea? Tone la kwanza hugonga kitako kikavu cha plastiki, nacho huitika kwa sauti nzito ya uwazi: to. Maji yakishatanda, sauti inakuwa nyembamba na ya majimaji: chwi. Mwaka 2018 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitumia kamera ya kasi kubwa na maikrofoni, wakaonesha kwamba mlio huo hautoki kwa tone kugonga maji. Hutoka kwa kipovu kidogo cha hewa kinachonaswa chini ya uso wa maji baada ya tone kuingia, nacho hutetemeka na kuutetemesha uso wa maji juu yake. Waligundua pia kwamba ukitia sabuni ya kuoshea vyombo ndani ya maji, mlio unatoweka.

Kwa mtunzi, habari hii ni saa ya bure. Katika ubeti wa kwanza ndoo ilisema to. Ikisema chwi katika ubeti wa pili, saa kadhaa zimepita, na hujasema "saa sita, saa saba, saa nane" kama nyimbo nyingi za kungoja zinavyosema. Nilipoandika ubeti wa pili mara ya kwanza, nilifurahishwa mno na njia hii mpya, ikawa hivi:

Ndoo sasa yasema chwi
njiani tapwi na tapwi
kufuli ka, mlango kwi
moyo wangu du, du, du, du

Usome kwa sauti. Mistari minne, vitu vitano vinalia. Ukimsomea mtu mara moja na kumwuliza amesikia nini, atakumbuka moyo, kwa sababu ndio wa mwisho, na moyo unaopiga du ameshausikia katika nyimbo nyingi kabla ya wako. Nyayo matopeni, ambazo ndizo habari yenyewe, zimezikwa chini ya kufuli. Dalili ya ugonjwa huu ni rahisi kuitambua: funika tanakali moja kwa kidole, usome ubeti. Kama hukukosa chochote, iondoe. Kufuli iliondoka, mlango ukaondoka, moyo ukaondoka. Ndoo ikabaki kwa kuwa inapima muda, na tapwi ikabaki kwa kuwa inaleta mtu.

Ndoo sasa yasema chwi
njiani tapwi na tapwi
nikajua ni viatu
nilivyomnunulia

Mistari miwili ya mwisho haina mlio wowote, na hilo ndilo linalozipa nafasi tanakali za mwanzo. Sikio linapewa sauti, kisha linaachwa litambue. Mtu aliyengoja usiku kucha huzijua nyayo hata zikiwa ndani ya matope.

Je, wajua kwamba watoto wa kando ya Ziwa Tanganyika walishawahi kufanyiwa jaribio la sauti na maumbo? Mwaka 1961 mtafiti R. Davis alichapisha matokeo yake kutoka rasi ya Mahale. Watoto walioneshwa michoro miwili, mmoja wa pembe kali na mwingine wa mviringo, wakapewa majina mawili yasiyo na maana: takete na uloomu. Wakaulizwa jina gani ni la mchoro gani. Kwa wingi wao waliupa jina la takete ule wa pembe na la uloomu ule wa mviringo, sawa na walivyofanya watoto wa Kiingereza aliowalinganisha nao.

Ukitunga, jaribio hili linakusaidia pale lugha isipokuwa na tanakali iliyozoeleka na unalazimika kubuni. Konsonanti za kukata, t na k, pamoja na irabu i na e, hubeba vitu vikavu, vidogo na vyenye ncha. M, l, b pamoja na o na u hubeba vitu vinene, laini na vya mviringo. Bati letu lilisema ta, na ndoo tupu ikasema to: t ileile, lakini irabu ilinenepa kwa sababu ndani ya ndoo kuna uwazi. Sikupanga hivyo kwa kitabu. Niliiweka ndoo chini ya bomba nikasikiliza, kisha nikashangaa kuona kitabu kinakubali.

Je, wajua kwamba katika wimbo wa Qongqothwane, uliomfanya Miriam Makeba ajulikane ng'ambo, mlio umo ndani ya jina la mdudu? Ni wimbo wa Wakhosa wa harusini, naye aliuweka katika albamu yake ya 1960. Qongqothwane ni mbawakawa anayegonga ardhi kwa tumbo lake kumwita mwenzake. Herufi q ya Kikhosa ni mdoko wa ulimi kwenye kaakaa, mkavu kama kidole kinachogonga mbao. Kila jina lake linapotajwa, mdudu ameshagonga. Mwimbaji hana haja ya kusimamisha wimbo ili aige, maana anayetaja ameshaiga.

Kiswahili nacho kina majina ya namna hiyo, na naona hatuyatumii vya kutosha. Dudumizi, ndege ambaye wakulima wengi humsikiliza kama mtangazaji wa mvua, jina lake linaanza na mlio wake mzito unaoshuka kama maji yanayomwagika kutoka chupani. Mstari unaosema dudumizi ameita umeshaingiza sauti na umeshaingiza mawingu. Pikipiki nayo haihitaji kuongezewa mlio, kwa kuwa injini imo katika jina.

Je, wajua kwamba kitenzi kinaweza kukatwakatwa kikawa tanakali? Watoto wa Afrika Mashariki hulifanya hili katika mchezo wa Ukuti, ule wa kushikana mikono na kuzunguka. Wimbo wake unalichukua neno la kutetemeka, unaimba mwanzo wake tu, unaurudia, kisha ndipo unalimaliza neno zima. Kuti linatetemeka kabla kitenzi hakijatimia. Njia hii inafaa kwa vitenzi ambavyo tayari vina mrudio wa sauti ndani yake: kutetemeka, kububujika, kumemeteka. Jaribu na "tembea" na utaona haitoki kitu, kwa kuwa hakuna mwendo uliofichwa ndani ya silabi zake.

Je, wajua kwamba mlio hutaja mwaka? Shosholoza, wimbo ulioimbwa na vibarua waliosafiri kwa treni kutoka Zimbabwe ya leo kwenda migodini Afrika Kusini, una sho ya mvuke ndani ya neno lake la kwanza. Hugh Masekela katika Stimela, iliyotoka mwaka 1974, aliigiza treni hiyo kwa kinywa chake mwenyewe, pumzi na king'ora. Huo ni ulimwengu wa makaa na mvuke.

Reli yetu ya zamani, ya upana wa mita moja, ilikuwa na mlio mwingine, wa magurudumu. Vyuma vyake viliunganishwa kwa kuachiwa nafasi ndogo, na gurudumu likipita juu ya kiungo hugonga. Kwa kuwa behewa hubebwa na magurudumu yaliyopangwa mawili mawili kila upande, na mwisho wa behewa moja uko karibu na mwanzo wa lingine, milio huja kwa mafungu: taka-taka, taka-taka, kisha kimya kifupi, kisha tena. Anayeandika taka-taka-taka bila kupumzika hakuwahi kulala ndani ya behewa. Na anayeuandika mlio huo katika wimbo wa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 amekosea kizazi, maana reli za kisasa huchomelewa zikawa kitu kimoja, na kinachosikika ni mvumo mrefu usio na mapigo. Kama msimulizi wako ni babu anayekumbuka, mpe taka-taka. Kama ni mjukuu wake aliyepanda jana, mpe vuuu, na tofauti ya miaka itakuwa imesemwa na reli zenyewe.

Je, wajua kwamba mfanyabiashara maarufu wa Zanzibar, Hamed bin Muhammed, aliyefariki mwaka 1905, anajulikana kwa jina la mlio? Tippu Tip, inasimuliwa, ni sauti ya bunduki zake kama walivyoisikia watu wa bara aliowaendea. Jina lake la ukoo, el-Murjebi, wanalikumbuka wachache. Walioshambuliwa ndio waliochagua jina lililobaki, na walilichagua kwa sikio.

Je, wajua kwamba tanakali nzuri kwenye karatasi inaweza kuharibika studio? Weka kiganja shubiri moja mbele ya midomo, useme pu, kisha useme du. Ya kwanza imekupulizia, ya pili haikugusa. Pumzi hiyo ya p ikiingia moja kwa moja kwenye maikrofoni hutoa kishindo ambacho hakimo katika wimbo, na fundi akijaribu kukipunguza hupunguza pia uhai wa neno. Dawa ni kuweka wavu au kitambaa chepesi mbele ya maikrofoni, na mwimbaji kugeuza kinywa kidogo pembeni anapofika kwenye pu, pa na tapwi. Kwa shaaa yetu tatizo ni jingine: sh ikivutwa karibu sana huchoma sikio. Arudi nyuma hatua moja, aianze taratibu, na uzito auweke kwenye a badala ya sh.

Kosa la studio linaloniuma zaidi ni la ngoma. Mpiga ngoma akisikia ta, ta, ta hutamani kumsaidia mwimbaji kwa kugonga pamoja naye, pigo kwa pigo. Matokeo yake ni kwamba sauti ya fimbo, iliyo kali kuliko ulimi, inameza tanakali, na bati linageuka ngoma. Mwombe akae kimya mstari huo wote wa kwanza na aingie kwenye shaaa. Na ukifika mstari wa nne, mwombe kila mtu aache kupiga kabla ya jii kutamkwa, si baada yake, kisha mhesabu pigo moja zima mkiwa hamjagusa kitu. Katika rekodi tuliyoifanya sisi, katika pigo hilo moja maikrofoni ilinasa tone la kweli likianguka mahali fulani nje ya dirisha, tukaliacha.